Adapta ya 5.3 na midomo inayotangulia sauti

Swali: Shikamoo fundi. Mimi nahariri video za harusi na za kwaya hapa Kirumba. Nimenunua hedifoni za Bluetooth, nikiwa kazini naona midomo inatangulia, sauti inafuata nyuma. Nikaambiwa adapta ya laptopu yangu ni ya zamani, nikanunua ya 5.3, hakuna kilichobadilika. Tena kuna mteja kanirudishia video anasema sauti inawahi, wakati kwangu ilikuwa imekaa sawa kabisa. Ninunue adapta ipi, au nirudi kwenye waya?

Marahaba, mdogo wangu. Adapta nyingine usinunue. Na huyo mteja usibishane naye, maana anasema kweli: sauti yake inawahi, na aliyeiwahisha ni wewe mwenyewe, kwa kuyaamini masikio ambayo yalikuwa yanaletewa habari zilizopita.

Siku ukishuka ziwani, pale mafundi wanapounda mitumbwi, usiwasogelee. Simama mbali kidogo umwangalie mmoja anayegonga msumari. Utaona nyundo inashuka, inagusa, inaanza kuinuka, ndipo mlio unakufikia. Sauti hewani, kwa joto letu hili, inakwenda kama mita 345 kwa sekunde. Ukiwa umbali wa mita 70 hivi, mlio unachelewa sehemu moja ya tano ya sekunde, yaani milisekunde 200. Hedifoni nyingi za kawaida za Bluetooth, zikiwa zimeunganishwa na kompyuta, zinachelewesha sauti kati ya milisekunde 150 na 250. Kwa hiyo unapohariri harusi ukiwa umezivaa, ni sawa na kumwangalia bwana harusi kwa karibu huku ukimsikiliza kutoka mita 70. Video yako kama ni ya fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40, basi hapo umeshapishana fremu tano.

Sasa huo muda unapotelea wapi? Wengi wanadhani unapotelea njiani, hewani, kati ya laptopu na kichwa chako. Hapana. Redio ile inasafiri kwa mwendo wa mwanga na mita moja haiihesabu. Wengine wanadhani ni kodeki, yaani ile njia ya kuibana sauti ili ipite. Kodeki nayo inachukua kidogo tu. SBC, ambayo kila hedifoni ya Bluetooth ya kusikilizia muziki inalazimika kuwa nayo, inabana sauti kwa mafungu madogo ya sampuli 128, na kila fungu ni kama milisekunde tatu. Ukiongeza kupanga, kutuma na kufungua, bado hujafika hata robo ya zile 200.

Sehemu kubwa imekaa ndani ya hedifoni yenyewe, kwenye akiba. Fikiria simtanki la nyumbani. Kwa nini unaliweka? Kwa sababu maji ya bomba yanakatika, na hutaki kukatishwa kuoga katikati. Lakini likishakuwepo, maji unayooga sasa hivi si yanayoingia sasa hivi, ni ya tangu asubuhi. Bluetooth inatumia mawimbi ya 2.4 GHz, palepale ambapo Wi-Fi nyingi zimejazana. Kifurushi cha sauti kikigongana na kingine, hedifoni inakiomba tena. Wakati inasubiri kiletwe, inacheza kilichomo kwenye akiba, nawe husikii mkatiko wowote. Mtengenezaji wa hedifoni ndiye anayeamua tanki liwe kubwa kiasi gani. Akiweka dogo, wateja watalalamika muziki unakatika wakiwa na simu mfukoni. Akiweka kubwa, muziki unateleza vizuri, na msikilizaji wa muziki wala hatajua kwamba anasikia kilichotumwa muda mfupi uliopita, kwa kuwa hana cha kulinganisha nacho. Wewe unacho: mdomo wa bibi harusi.

Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini adapta ya 5.3 haikukusaidia. Hiyo namba ina hadithi yake, na wauzaji hawaisimulii kwa sababu ingewaharibia soko. Chini ya jina moja la Bluetooth kuna redio mbili. Ipo ile ya zamani, na hiyo ndiyo inayobeba muziki kwenda kwenye hedifoni za kawaida. Ipo na ile ya matumizi madogo ya umeme, iliyokuja na toleo la 4.0, kwa ajili ya saa, vipima mapigo ya moyo na vitu vya aina hiyo. Toleo la 5.0 lilipotoka mwaka 2016 na kutangazwa kwamba kasi imeongezeka mara mbili na masafa yamerefuka, maboresho hayo yalikuwa ya redio ndogo. Ile inayobeba muziki ilipata ongezeko lake kubwa la mwisho la kasi mwaka 2004, kwenye toleo la 2.0, lilipofika megabiti 3 kwa sekunde. SBC ya ubora mzuri inahitaji kilobiti 328 tu. Bomba lilikuwa pana vya kutosha tangu enzi zile, na kulitanua hakupunguzi kina cha tanki lililoko upande wa pili.

Kuna jambo jingine linaloweza kuwa limekupata, nami limenila fedha zamani. Windows inatumia redio moja tu ya Bluetooth kwa wakati mmoja. Laptopu yako ikiwa na Bluetooth yake ya ndani, ukachomeka adapta mpya pembeni, inawezekana kabisa kazi yote inaendelea kufanywa na ile ya ndani, na adapta yako inakaa pale ikiwaka taa tu. Fungua Device Manager, panua sehemu ya Bluetooth, uone kama kuna redio mbili. Unayotaka kuistaafisha ni ile ya ndani: bofya kulia, chagua Disable device, kisha unganisha hedifoni upya. Ukiwa hapohapo, fungua Properties ya adapta mpya, uende Advanced, utaona namba inayoanza na LMP. Hiyo ndiyo inayosema toleo lenyewe, haijali karatasi ya pakiti: LMP 6 ni toleo la 4.0, 8 ni 4.2, 9 ni 5.0, 11 ni 5.2, 12 ni 5.3. Ukikuta pakiti imeandikwa 5.3 na LMP inasoma 9, umeshajua umeuziwa nini. Lakini hata ikisoma 12, kwa hedifoni zako za kawaida ucheleweshaji utabaki uleule.

Kuhusu kodeki nisikuchoshe, maana kwako zina umuhimu mdogo kuliko zinavyovumishwa. AAC inatumia mafungu makubwa kuliko SBC, kwa hiyo haiji kukuwahishia sauti. LDAC ni ya ubora wa muziki, haikubuniwa kwa haraka, na Windows haiji nayo. aptX ya kawaida ipo kwenye Windows 10 na 11, inaweza kukupunguzia kidogo. Iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya haraka ni aptX Low Latency, inayoshuka hadi kama milisekunde 40, yaani fremu moja tu. Kwa macho hiyo inatosha. Tatizo ni kwamba lazima iwepo pande zote mbili, kwenye hedifoni na kwenye kinachotuma. Ikikosekana upande mmoja, vyote viwili vinarudi kwenye SBC kimyakimya bila kukuambia. Tena haitoki kwenye adapta ya kawaida. Inahitaji kile kisambazaji cha USB ambacho kompyuta inakiona kama kadi ya sauti, na kazi ya kubana sauti kinaifanya chenyewe. Windows haina mahali pa kuchagua kodeki wala haikuonyeshi ipi inatumika, kwa hiyo muuzaji akikuambia “hii ina kila kitu”, huna pa kumshikia.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji kumwamini mtu, na ningependa ukifanye leo kabla hujanunua chochote. Unahitaji Audacity, programu ya bure ya kurekodi sauti, hedifoni zako za Bluetooth, na hedifoni yoyote ya waya, hata ile ya simu.

Anza na waya. Chomeka, kisha ndani ya Audacity chagua hedifoni ya waya iwe ndiyo ya kutolea sauti, na maiki ya ndani ya laptopu iwe ndiyo ya kurekodia. Ukichomeka hedifoni yenye maiki, kompyuta inaweza kuhamia kwenye maiki hiyo bila kukuuliza, kwa hiyo hakikisha. Nenda Generate, kisha Rhythm Track, uikubali kama ilivyo. Itakutengenezea midundo ya ti, ti, ti. Sasa bana kikombe cha hedifoni juu ya tundu la maiki ya laptopu, kwa kawaida liko juu ya kioo pembeni ya kamera. Bonyeza Shift+R. Programu itaanza kucheza midundo huku inarekodi kwenye mstari mpya chini yake. Acha midundo kumi ipite, simamisha. Vuta karibu hadi uone mdundo mmoja wa juu na mwenzake wa chini, upime umbali kati yao. Andika pembeni.

Kisha rudia yote kwa hedifoni za Bluetooth, maiki ikiwa ileile ya laptopu na mipangilio mingine yote usiiguse. Usishangae ukikuta kipimo cha waya si sifuri, au hata mdundo wa chini umetangulia wa juu. Audacity ina fidia yake, kwa kawaida milisekunde 130, ambayo inausogeza nyuma mstari uliorekodiwa. Haikusumbui, kwa sababu unachotafuta ni tofauti ya vipimo viwili, na fidia imo kwenye vyote. Kwangu hapa, hedifoni ninayotembea nayo ilinipa hivi: kwa waya mdundo wa chini ulitangulia kwa milisekunde 95, kwa Bluetooth ulichelewa kwa milisekunde 120. Tofauti ni 215. Kwa video ya fremu 25 hizo ni fremu tano na kitu. Hiyo ndiyo namba ya hedifoni yangu kwenye laptopu yangu, na yako itakuwa yako. Rudia mara tatu, ukizima na kuwasha hedifoni kila mara, kwa sababu zipo zinazobadilika kidogo kila zinapounganishwa. Hilo nalo ni la kujua: namba isiyotulia huwezi kuifidia.

Sasa turudi kwa mteja wako. Nadhani ilikwenda hivi. Ulirekodi kwaya, ukaingiza video na sauti, zikiwa zimekaa sawa tangu mwanzo. Ukavaa hedifoni, ukaona kinara anafungua mdomo na sauti inakuja baadaye. Ukafanya anachofanya mhariri yeyote: ukaikamata sauti ukaivuta nyuma, fremu moja, mbili, hadi ya tano, ikakaa. Ukatabasamu. Ukaitoa, ukaweka kwenye flashi, ukampelekea. Yeye akachomeka kwenye televisheni, ambako hakuna hedifoni wala akiba ya hedifoni, na hapo milisekunde 200 ulizozivuta zikatokea kama zilivyo: sauti mbele, mdomo nyuma.

Kibaya zaidi ni kwamba jicho la binadamu linavumilia sauti inayochelewa kuliko inayowahi. Tumekua tukiona umeme ziwani kabla ya radi, na nyundo kabla ya mlio wake. Sauti inayotangulia kitendo haipo duniani, ndiyo maana hata bibi asiyejua lolote kuhusu video atasema hapa pana kitu. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lina pendekezo lake kwa ajili ya utangazaji, namba BT.1359, linalosema watu wanaanza kugundua sauti inayowahi ikifika kama milisekunde 45, lakini inayochelewa hadi 125. Mwisho wa kuvumilika ni 90 kwa inayowahi na 185 kwa inayochelewa. Wewe ulimpa 200 upande ule mbaya.

Labda unajiuliza mbona ukiangalia YouTube au sinema kwa hedifoni hizohizo unaona iko sawa. Ni kwa sababu sinema inaweza kusubiri. Hedifoni nyingi zina namna ya kutaja ucheleweshaji wao, na kichezeshi kikijua sauti itachelewa kiasi fulani, kinaichelewesha picha kwa kiasi hichohicho. VLC hata inakuachia ufanye mwenyewe: kila ukigusa J au K inaisogeza sauti kwa milisekunde 50, unagusa hadi mdomo ukae. Lakini mhariri unapokata, unasimamisha, unarudi fremu mbili, unacheza tena. Kila kitu kinatakiwa kijibu papo hapo, na programu nyingi za kuhariri haziiulizi hedifoni kitu. Michezo ya kompyuta ni vilevile, huwezi kuchelewesha picha ya mtu anayekushambulia. Kinanda ndiyo kabisa: unabonyeza, unasubiri, unasikia.

Lingine la hedifoni za Bluetooth ambalo mhariri analijua kwa machungu: zinasinzia. Ukisimamisha sauti kidogo zinafunga njia ili kuokoa chaji, ukicheza tena zinaamka kwa kuchelewa na kumeza kipande cha mwanzo. Unakata neno “Bwana” ukisikia “wana”, unarudi kutafuta ile “B” iliyopotea, kumbe ipo palepale.

Kwa hiyo unapopanga sauti na picha, hakimu asiwe sikio lililovaa Bluetooth. Awe ni mchoro wa mawimbi ya sauti kwenye skrini. Tafuta mahali mtu anapiga makofi au mpiga ngoma anapoangusha mkono. Nenda fremu kwa fremu hadi ile ambayo kiganja kimegusa ngozi. Angalia chini yake: mchoro unatakiwa uruke juu palepale, kwenye fremu hiyohiyo au inayofuata. Ukiwa umeruka fremu tano kabla, umepata ushahidi wa kilichotokea. Kwaya ni rahisi kwa hili kwa sababu makofi hayakosi. Kwenye hotuba ya baba wa bibi harusi tafuta anapotamka neno lenye “p” au “b”: midomo inafunga kabisa, kisha inaachia, na mlio hauwezi kutoka kabla haijaachia.

Angalia vilevile dakika ya kwanza na dakika ya arobaini. Kosa la Bluetooth ni lilelile mwanzo hadi mwisho. Ukikuta mwanzo pamekaa na mwisho pameachana, au pengo linakua taratibu, basi hedifoni haina hatia. Hapo umechanganya sauti ya kinasa kingine na video ya kamera, na saa za vifaa hivyo viwili haziendi sawasawa, au simu iliyorekodi ilikuwa inabadilisha idadi ya fremu njiani. Hilo lina tiba yake, ni mada ya siku nyingine.

Kama na kurekodi unafanya, yaani mwimbaji anasikiliza ala kwenye hedifoni halafu anaimba juu yake, Bluetooth weka kabatini kabisa. Yeye anasikia ala zikiwa zimechelewa, anaimba kwa kuzifuata, na kompyuta inamwandika nyuma ya mdundo kwa kiasi kilekile. Hilo unaweza kulisogeza baadaye kama namba imetulia. Lisilosogezeka ni yeye kujisikia. Mtu akisikia sauti yake mwenyewe imechelewa milisekunde 10, haoni shida. Ni kama spika iko mita tatu na nusu mbele yake. Ikizidi 30 anaanza kusikia mwangwi. Kwenye 200 ataimba kama mtu anayeongea na simu mbovu, atapunguza mwendo bila kujua, na utamlaumu bure.

Hapo kuna na mtego wa maiki. Ukichagua maiki ya hedifoni za Bluetooth zenyewe, hedifoni inaacha njia ya muziki na kuhamia njia ya simu. Sauti inageuka kuwa ya upande mmoja na nyembamba, sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, kama redio ya mbao iliyopoteza stesheni. Kwenye Windows 10 utaziona hedifoni zimeorodheshwa mara mbili, moja imeandikwa Stereo na nyingine Hands-Free. Windows 11 imeziunganisha kuwa jina moja, kwa hiyo mabadiliko yanatokea bila wewe kuyaona. Ukiwa kwenye kikao cha mtandaoni na ghafla muziki unasikika kama uko ndani ya ndoo, nenda kwenye mipangilio ya sauti uchague maiki ya laptopu. Sauti nzuri itarudi.

Kuhusu kukatikakatika, kama unakupata, hilo adapta inahusika kweli. Tundu la USB 3, lile ambalo mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani, hasa likiwa na diski ya nje iliyochomekwa jirani, linatoa kelele kwenye mawimbi yaleyale ya 2.4 GHz. Hamishia adapta kwenye tundu la USB 2, au itoe mbali kwa kipande cha waya wa kurefushia cha nusu mita. Ruta yako kama ina 5 GHz, laptopu ihamie huko. Mikatiko itapungua. Ucheleweshaji hautapungua, maana tanki ni lilelile.

Hivyo, waya. Kwa hedifoni ya waya, kinachobaki ni akiba ndogo ya kompyuta yenyewe. Kwenye programu ya kurekodi ukiiweka sampuli 256 kwa sauti ya 48,000, hiyo ni kama milisekunde tano, na unaweza kuishusha zaidi kama laptopu ina nguvu. Haiulizi toleo, haina kodeki, haisinzii, na umeme ukikatika Kirumba ukiwa umebakiwa na chaji ya laptopu tu, yenyewe inaendelea. Shida yake ni moja, shingo ya waya pale inapoingia kwenye jeki. Kwa mtu anayeviringisha waya kwenye laptopu na kutupia begini, inakatika ndani baada ya miezi. Nunua zile ambazo waya unachomoka upande wa hedifoni pia, ukikatika unabadilisha waya peke yake. Na angalia jeki: yenye pete tatu nyeusi ina maiki, na laptopu yenye matundu mawili tofauti itahitaji kigawanyio. Laptopu isiyo na tundu la hedifoni inataka ya USB-C, ambayo bado ni ya waya, na haina tatizo la Bluetooth.

Kama unachukia waya kabisa, zipo hedifoni za michezo zinazokuja na kipokezi chao cha USB. Zinatumia 2.4 GHz lakini si Bluetooth, zina mazungumzo yao binafsi yenye akiba ndogo, na kwa kuhariri zinafaa. Kipokezi kikipotea, mara nyingi hedifoni nayo imekwisha.

Na lipo jambo moja ambalo linaweza kuja kunikosoa. Toleo la 5.2, lililotoka mwanzoni mwa 2020, lilifungua njia mpya kabisa ya kupitisha muziki kwenye ile redio ndogo. Njia hiyo inaitwa LE Audio, kodeki yake ni LC3, na ucheleweshaji wake unaweza kuwa mdogo sana kuliko tuliouzoea. Hapa ndipo namba ya toleo inapoanza kuwa na maana, ila haitoshi peke yake, kwa sababu kipande hicho cha 5.2 ni cha hiari. Adapta inaweza kuwa 5.3 halali na isiwe nacho, kama ninavyoshuku yako. Inatakiwa hedifoni iwe nayo, redio ya kompyuta iwe nayo, draiva iikubali, na uwe na Windows 11. Fungua Settings, Bluetooth & devices, kisha Devices. Ukiona swichi iliyoandikwa Use LE Audio when available, kompyuta yako imeingia. Usipoiona, hedifoni za LC3 ukizinunua leo zitakuwa zinafanya kazi kwa SBC kama hizo ulizonazo.

Hedifoni zako usizitupe. Zitumie kusikiliza nyimbo, na hata kwenye kuhariri unaweza kuzivaa wakati unapanga rangi au unachagua vipande, ambako mdomo haukuhusu.

Video ya mteja ifungue usiku huu. Usianze kwa kuisogeza sauti fremu tano kwa kukisia. Nenda kwenye kofi la kwanza linaloonekana vizuri, hesabu fremu kati ya mruko wa mchoro na mikono inapokutana, sogeza sauti mbele kwa idadi hiyo. Kagua kofi jingine karibu na mwisho. Kama kuna vipande ulivyovisogeza kimoja kimoja, kila kimoja kina hesabu yake, kwa hiyo pitia vyote. Ukishaitoa, iangalie kwa spika za laptopu, halafu kwenye televisheni, kabla flashi haijatoka mkononi mwako.